Maneno 12 ya waleti: karatasi, chuma au ninunue kifaa? Na huyu "sapoti" wa Telegram

Chapa_Kazi
Wakuu, habari za jioni. Nataka niamue wiki hii hii. Nina waleti ya kripto kwenye simu na sasa nataka maneno 12 ya kuirejesha yakae mahali pa kueleweka. Ninafikiria mambo matatu: karatasi tu, kile kibati cha chuma wanachouza mtandaoni, au ninunue kifaa chenyewe cha waleti kinachofanana na flashi. Kipi kina maana? Halafu kuna jamaa wa sapoti ameniandikia Telegram, ila hilo tutaliongea baadaye.

Mama_Hesabu
Kaka, hujatupa cha kushika. Humo mna pesa ya kodi ya mwezi au pesa ya kiwanja? Unaishi peke yako au nyumba ya watu wengi? Na hayo maneno yako wapi sasa hivi tunavyoongea? Anza na hilo la mwisho.

Jino_la_Dhahabu
Nunua kifaa umalize. Mimi ninacho tangu zamani, mdukuzi hanigusi. Karatasi ni za wazee.

Mama_Hesabu
Jino, kifaa chako kilipowashwa mara ya kwanza kilikupa nini uandike? Maneno hayo hayo, tena mara nyingi 24. Kifaa kinazuia virusi vya simu kuzifikia funguo, hapo nakubaliana nawe. Lakini kikipotea au kikiharibika, unarudi kwenye karatasi ya wazee. Kwa hiyo swali la mwenye uzi liko palepale.

Kisima_Kirefu
Samahani naingilia. Mimi akaunti yangu iko Binance na sijawahi kupewa maneno 12. Ina maana kuna mtu anayo?

Mama_Hesabu
Hapana, dada. Kwenye soko kama hilo funguo wanashika wao, wewe unaingia kwa nywila na namba za uthibitisho. Maneno 12 ni ya waleti ambayo funguo unashika mwenyewe. Linda barua pepe yako na laini yako ya simu.

Chapa_Kazi
Sawa, nijibu. Ni Trust Wallet, pesa ni USDT ya mtandao wa Tron, wateja wa nje wananilipa humo. Si ya kiwanja bado, ila ikipotea nitaugua. Tunaishi watu sita, Mbagala. Maneno nilijitumia WhatsApp siku niliyofungua, na nadhani kuna picha ya skrini pia.

FundiSimu_Mwz
Picha ya skrini! Mkuu, hapo chuma na karatasi visubiri kwanza. Mwaka 2025 Kaspersky walitoa taarifa ya kirusi walichokiita SparkCat. Kilikuwa ndani ya apu zilizopakuliwa Google Play na hata App Store. Unaipa apu ruhusa ya kuona picha, yenyewe inasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha na kutafuta maneno ya waleti. Haihitaji mtu kukaa kuperuzi picha zako. Na kama picha zinapanda Google Photos zenyewe, basi nakala iko kila simu au kompyuta ulikowahi kuingia na akaunti ile.

Chapa_Kazi
Nimeshafuta zote sasa hivi, mpaka kwenye takataka. Na nimebadilisha PIN ya apu. Tuendelee na swali?

Mama_Hesabu
PIN inafungua apu ya simu hiyo tu. Mwenye maneno 12 hana haja ya simu yako wala PIN yako, anayaandika kwenye simu yake na waleti inafunguka huko. Na maneno hayabadilishwi. Kinachofanyika ni kuunda waleti mpya, upate maneno mapya, uyaandike kwa mkono, kisha uhamishe pesa. Tuma kwanza kidogo, hakikisha imefika anwani mpya, ndipo utume iliyobaki. Kumbuka kuacha TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ya kulipia ada kwenye ile ya zamani, USDT ya Tron haiendi bila hiyo. Halafu wape wateja anwani mpya. Wakitumia ya zamani, pesa inatua kwenye waleti usiyoiamini tena.

Na kabla hujahamisha nyingi, ijaribu karatasi yako: ifute waleti mpya kwenye apu ikiwa na senti chache, uirejeshe kwa kusoma ulichoandika. Neno moja likikosewa au mawili yakibadilishana nafasi, utagundua siku hiyo na si baada ya simu kuibwa.

Jino_la_Dhahabu
Mimi mbinu yangu hii, bure: kata maneno kwenye kadi tatu. Kila kadi ina maneno 8, ukipata kadi mbili zozote unayo yote 12. Moja kwangu, moja kwa mama, moja kwa shemeji. Mwizi akipata moja hana kitu.

FundiSimu_Mwz
Ana 8, amebakiza 4. Orodha nzima ambamo maneno ya waleti hutolewa ina maneno 2,048, kwa hiyo manne ni makisio yanayohesabika kwa kompyuta. Mwaka 2020 Mwingereza Alistair Milne alikuwa akitoa hadharani maneno ya waleti yenye bitcoin 1, kidogo kidogo. Yalipofika 8, John Cantrell alikodi kadi za grafiki mtandaoni akakisia manne yaliyobaki kwa saa kama 30. Kwa maneno 24 mchezo huo ni salama zaidi, maana kila kadi inakosa 8. Kwa 12 usifanye.

Jino_la_Dhahabu
Shemeji yangu hajui hata kuwasha kompyuta.

FundiSimu_Mwz
Na wanawe je?

Nyali_Pwani
Ndugu zangu, nimesoma hapo juu kwamba kuna "jamaa wa sapoti". Chapa_Kazi, usimjibu kabla hujasoma hii.

Kaka yangu hapa Mombasa alikuwa na USDT na ikagoma kutoka. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, hakuwa na TRX ya ada. Badala ya kuniuliza mimi akauliza kwenye kundi la Telegram, na akataja na kiasi. Haikupita muda akaandikiwa faraghani na mtu mwenye jina na picha ya admini wa kundi. Kiswahili safi: pole sana ndugu, tumeona tatizo lako, tiketi yako imefunguliwa. Kaka akawa mwerevu, akasema ngoja nihakiki. Akafungua wasifu wa yule mtu, akaona @ ya admini imeandikwa pale. Akaridhika.

Kumbe ile @ ilikuwa imeandikwa kwenye sehemu ya maelezo, ile ambayo mtu anajiandikia chochote. Sehemu ya jina la mtumiaji lenyewe ilikuwa tupu. Ukiangalia haraka huoni tofauti.

Akatumiwa linki ya "kusawazisha waleti". Ukurasa mzuri, nembo za waleti zote unazozijua. Ukibonyeza ya kwako inazunguka kidogo, kisha inasema imeshindwa kuunganisha, tumia njia ya mkono. Kinakuja kisanduku chenye vichwa vitatu, Phrase, Keystore JSON na Private Key. Huko kushindwa kuunganisha ni mchezo, hakuna simu inayofanikiwa. Lengo ni ufike kwenye kisanduku. Akaandika maneno yake yote.

Pesa ikaondoka. Halafu kwa kuwa zilikuwa zimebaki tokeni nyingine kidogo, akatuma TRX ili aziokoe. Ile TRX ilitoweka palepale ilipotua. Wana programu inayoivizia waleti hiyo usiku na mchana, ukiweka ada wanaichukua kabla hujagusa kitufe. Wiki hiyo hiyo akatokea mtu mwingine anayedai anarejesha kripto zilizoibwa, alipwe kwanza. Huyo tulimzuia sisi.

Chapa_Kazi
Mh. Wa kwangu ameandika waleti yangu haijahakikiwa, itasimamishwa ndani ya saa 24 nisipothibitisha. Na kweli nami niliuliza swali kwenye kundi juzi. Linki sijaibonyeza.

Mama_Hesabu
Jiulize alikupataje. Ulipofungua waleti ile hukusajili jina, namba ya simu wala Telegram. Kampuni ya apu haijui anwani ipi ni ya nani, na haina maneno yako, kwa hiyo haina kitu cha kusimamisha. Aliyekuandikia ameona swali lako kwenye kundi, basi. Mzuie, mripoti, na kundi lenyewe uliulize kwa kuandika hadharani tu. Sapoti halisi unaianzisha wewe kutoka ndani ya apu, na hata huko anayeomba maneno ni mwizi.

FundiSimu_Mwz
Na mkinunua vifaa msidhani mmepona. Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza vifaa hivyo, taarifa za wateja wake zilivuja 2020, majina na anwani za nyumbani za watu zaidi ya laki mbili na nusu. Baadaye wengine walipelekewa kwa posta vifaa bandia na barua zenye nembo, fanya hivi, andika maneno yako. Kifaa chochote kikikufikia na maneno yameshaandikwa kwenye kadi, kirudishe.

Jino_la_Dhahabu
Haya, kifaa kibaya, kadi mbaya. Aweke wapi basi? Mchwa wa Mbagala nawajua.

Mama_Hesabu
Sijasema kibaya. Kwa kiasi chake ningeandika karatasi mbili, herufi kubwa, kila neno na namba yake, kalamu isiyochuja maji. Moja ndani ya mfuko wa plastiki kwake, nyingine nyumba nyingine kabisa, kwa mtu anayemwamini. Asipeleke stesheneri kutoa kopi wala kulamineti, yule kijana wa mashine anaona kila kitu. Pesa ikikua ndipo aende chuma.

FundiSimu_Mwz
Mimi ningeruka karatasi moja kwa moja. Kibati cha mtandaoni si lazima. Nunua washa za stenlesi, bolti ndefu na nati, na seti ya herufi za kugongea. Kila washa gonga namba na herufi nne za mwanzo za neno, zinatosha, orodha ilitengenezwa neno lolote litambulike kwa herufi nne. Neno la herufi tatu unaliandika lote. Kisha zipange kwenye bolti na kukaza nati. Alumini usitumie, inayeyuka kwenye nyuzi 660 na nyumba ikiungua vizuri inafika huko. Na gonga mwenyewe. Ukimpa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, umempa waleti.

Nyali_Pwani
Kugonga chuma katika nyumba ya watu sita bila kuulizwa unafanya nini?

Kisima_Kirefu
Na ukifa? Mkeo atajua bolti ya nini? Ataitupa na vyuma chakavu.

Mama_Hesabu
Hapo dada umegusa. Mimi mume wangu anajua ipo na inafungua nini, hajui iko wapi. Ndugu yangu anajua iko wapi, hajui ni nini. Sisemi ndiyo njia bora.

Jino_la_Dhahabu
Wakikosana je?

Chapa_Kazi
Nimeunda mpya na nimeijaribu kuirejesha, imekubali. Nimehamisha ya majaribio, imefika, nyingine nahamisha usiku huu. Karatasi mbili kwanza, moja nitaipeleka kwa dada Morogoro. Ya washa nimeipenda ila sijaamua. Yule wa sapoti ameandika tena, saa hizi ananiita "mteja mpendwa".

Nyali_Pwani
Mzuie, usimwonjeshe hata neno.

FundiSimu_Mwz
Wadau, hizo herufi za kugongea za milimita 3 nani amezipata Mwanza? Mimi za kwangu niliagiza Dar na seti ilikuja bila W.