Tupeane uzoefu: Picha ya msuko unaijuaje kama itakubali kwenye nywele zako?

Dada wa Soweto
Habari zenu wapendwa. Nipo Mbeya mjini, mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na nimependa picha moja: mistari midogo ya kurudi nyuma, imekusanywa juu ikawa kitunguu, pembeni pamesafishwa vizuri mno. Sasa mimi kisogoni nywele zimejaa, ila kwenye panja ni chache, na upande wa kushoto mbele zinaota kuelekea usoni. Wenzangu mnaamuaje kabla hamjakaa kwenye kiti? Sitafuti msusi, ninaye.

Mama Njombe
Mwaya angalia urefu tu. Zikishikika vidoleni, rasta inamaliza yote. Mimi husuka pakiti tano na hakuna anayejua nywele zangu zikoje.

Msusi wa Mwanjelwa
Mama Njombe, urefu kweli unahitajika, na rasta inajaza mstari wenyewe. Lakini haijazi ngozi iliyo kati ya mstari na mstari, na hapo ndipo wateja wengi wanapolia.

Dada, kuza picha uangalie mstari unapoanzia, pale kwenye paji. Mwanzo ule huwa ni nywele za mwenyewe peke yake, rasta inaingizwa nyuma yake kidogo. Kama sehemu ile ni nene na nyeusi kuanzia kwenye ngozi, yule ana nywele nzito. Halafu linganisha rangi ya ngozi ya kwenye njia na ya paji. Njia ikiwa nyeusi kuliko paji, huenda wamepaka unga wa kujazia, au ni mwanga tu. Picha kama hiyo usiitegemee.

Kisha jipime mwenyewe. Osha nywele, zikauke kabisa (kwa baridi hii ya Mbeya zipe muda), usipake mafuta kwa sababu yanazigandisha na ngozi inaonekana zaidi. Pasua njia kwa mkia wa kitana kwenye panja, utosini na kisogoni, mtu akupige picha karibu na dirisha. Njia ya panja ikiwa pana kuliko ya kisogo, ujue mistari ileile midogo itaonekana imepishana mbali pembeni, hata msusi akigawa sawasawa.

Kaka Mafinga
Mimi niliambiwa panki haitakaa sababu utosini nywele zangu zinazunguka sehemu mbili. Kinyozi akizipunguza sana zinasimama kama miiba. Je, nikisuka zitalala?

Msusi wa Mwanjelwa
Kaka, kwa panki mwambie aache utosini parefu kidogo, uzito wake uzilaze. Kusuka zitalala, ila mistari ipite kwa kufuata mzunguko.

Na hilo linamhusu dada pia. Lowanisha mbele kwa maji matupu, usichane, ziache zikae zenyewe. Upande unaoelekea usoni ukivutwa nyuma unavutwa kinyume na unavyoota. Siku ya kwanza utalala kwa jeli, baada ya siku chache vinyweleo vinainuka. Msusi akijaribu kuzuia kwa kukaza, ndipo vinapotoka vipele.

Binti Tukuyu
Vipele hivyo navijua. Nilipeleka picha saluni moja, wakanisuka hadi kwenye nywele za malaika. Nikalala na maumivu, nikaambiwa nivumilie, yatapoa. Nilipofumua, panja zimebaki na vinyweleo vichache vya mbele, nyuma yake peupe. Mpaka leo upande mmoja haujajaa. Mimi ikiuma usiku uleule nafumua, sijali nimelipa shilingi ngapi.

Dada wa Soweto
Pole sana mdogo wangu. Nimejipima leo. Kisogoni njia ni nyembamba, panja ni pana wazi kabisa, karibu mara mbili. Na kushoto zimelala kuelekea kwenye nyusi zenyewe bila kuguswa.

Msusi wa Mwanjelwa
Basi picha ile ichukue kuanzia utosini kwenda nyuma. Pembeni punguza idadi: kama yeye ana mistari minne kwenye panja, wewe weka miwili minono, ianze upana wa kidole nyuma ya ukingo. Kushoto usivute moja kwa moja, mstari uanze kwa kulala kuelekea sikioni ndipo upinde kupanda juu. Kitunguu kishushwe kisogoni, maana kikikaa juu uzito wote wa rasta unaning'inia kwenye panja.

Mama Njombe
Kwa harusi kitunguu cha chini hakipendezi na kilemba. Siku moja tu, si abane juu halafu afumue kesho yake?

Msusi wa Mwanjelwa
Kubana juu kwa saa chache, mistari ikiwa haijakazwa, mimi nakubali. Kulala nacho hapana.

Binti Tukuyu
Mimi hata hizo saa chache siwezi kumshauri, kwa panja kama zangu. Dada, ukibonyeza hapo panauma sasa hivi, kabla hujasuka?

Dada wa Soweto
Hapaumi. Jumamosi naenda na picha mbili, ya msuko na ya kichwa changu, nimwonyeshe msusi zote kwa pamoja. La kitunguu bado sijaamua.