Tupeane uzoefu: uzio wa kiwanja cha 20 kwa 30, waya au tofali, ulikula kiasi gani?

mama_wa_Kibaha: Wakuu habari za jioni, nina kiwanja changu Kibaha mita 20 kwa 30, bikoni zote 4 zipo, nataka nizungushie kabla majirani hawajaanza kusogea. Geti mita 4 upande wa barabarani katikati. Mliopitia hili naomba mniambie vitu vilivyoenda, sio bei za mtandaoni. Fundi niliyemuita kaniandikia nguzo 44, naona kanizidishia.

kijana_bajeti: Hesabu rahisi tu mama, mzunguko ni mita 100, nguzo kila mita 3, 100 gawa kwa 3 ni 33. Huyo fundi anakula nguzo 11 mchana kweupe, mkatae.

fundi_mzee: Kijana taratibu. Hapo hugawanyi mzunguko, unahesabu upande kwa upande kwa sababu kila kona lazima iwe na nguzo. Pande za mita 30 zina nafasi 10 kila mmoja, ya nyuma mita 20 haigawanyiki kwa 3 kwa hiyo nafasi 7, ya mbele ukitoa geti inabaki mita 8 kulia na 8 kushoto, kila kipande nafasi 3. Jumla nafasi 33, na kwa vile uzio umekatika kwenye geti unaongeza nguzo moja, 34. Hizo 10 zilizobaki ni miguu, ile nguzo ya kulalia inayosukuma kona. Kona 4 kila moja miguu 2, nguzo za geti kila moja mguu 1. Usipoweka miguu, siku unavuta wavu kona inainamia ndani, na wavu hautakaza tena. Fundi wako yuko sawa mama.

mama_wa_Kibaha: Asante mzee wangu, kumbe. Na simenti je?

fundi_mzee: Shimo futi 1 kwa futi 1, kina futi 2, mfuko mmoja wa zege la kawaida unameza mashimo 4 mpaka 5, kwa hiyo andaa mifuko 10 au 11. Halafu kuna waya mnene wa kukaza, unapita juu, kati na chini, watu wengi wanausahau kwenye bajeti. Mita 96 mara 3 ni 288, ukinunua wa milimita 3 ni kama kilo 16, chukua 18 maana kuna kufunga na kukata.

dada_Chanika: Kwenye wavu kuweni macho jamani, mimi rola niliuziwa kuwa ni mita 18, kwangu nilihitaji 96 kama mama hapo, nikapiga hesabu rola 6, kuja kutandika chini na kupima moja, 15 na nusu! Rola 6 zinatoa 93, ikabidi niongeze ya saba na bodaboda juu. Muuzaji anasema ukivuta inarefuka.

fundi_mzee: Inarefuka kweli dada, ila inapungua kimo, wavu wa futi 6 ukiuvuta sana unabaki mfupi na matundu yanalala. Pima kabla hujalipa.

jamaa_Kitengela: Huku kwetu Kitengela udongo ni ule mweusi, jua likichoma unapasuka mpaka mguu unaingia. Ukuta wa mawe ya Ndarugo ulijengwa kwa jirani juu juu, mvua ya kwanza nyufa kama ngazi kwenye kona. Hapa bajeti ni msingi, unachimba mpaka ufike chini kwenye ngumu, hata mita moja na zaidi. Udongo wa Kibaha ukoje mama?

mama_wa_Kibaha: Mchanga mchanga, chini unakuwa mwekundu.

kijana_bajeti: Basi piga tofali kabisa, hutajenga mara mbili. Tofali inchi 6, mita 96, kila mstari tofali 205, mistari 8 juu ya ardhi ni 1,640, msingi mistari 3 ni 615, jumla 2,255, weka za kuvunjika ziwe 2,400. Kwa 1,300 ni milioni 3 na laki 1 na ushee, tofali tu.

fundi_mzee: Hapo umepatia ila hujaweka nguzo za zege na nondo kwenye ukuta, wala zege la chini ya msingi. Na simenti ya kujengea, mimi naweka mfuko mmoja kwa tofali 60.

dada_Chanika: Wangu alimaliza mfuko kwa 45, sijui aliuza?

fundi_mzee: Inategemea unene wa mota na mchanga, sitamuhukumu.

bibi_shamba: Mnaniacha mimi nina minyaa tu, haina nguzo wala simenti 😂

mama_wa_Kibaha: Bibi minyaa mbuzi wa jirani wanapita chini. Naelekea kwenye waya. Swali la mwisho wakuu, fundi anataka 5,000 kwa kila nguzo kuchimba na kusimamisha, na miguu anaihesabu nguzo nzima, na kuvuta wavu ni malipo mengine. Ndivyo ilivyo?

jamaa_Kitengela: Huku mguu hulipwa nusu.

fundi_mzee: Shimo la mguu nalo ni shimo, tena linachimbwa kwa kuinama. Mpatane kabla hajashika jembe.