Filimbi na fidla: tyuna inasoma 440 zote, mbona hazifanani?

mpuliza_lindi: Wakuu, shikamooni. Napiga filimbi ya pembeni (si ya refa!) kwenye kwaya hapa Lindi. Kuna dada kajiunga kutoka Mtwara, ana fidla. Tukishika noti A pamoja, mwalimu ananiambia niko chini. Tyuna ya simu inasoma 440 kwetu sote. Nani kakosea?

korosho_mbili: Hakuna. Fidla ina mawimbi mengi, filimbi ina moja tu. Basi.

fundi_spika: Umekaribia, mkuu, ila filimbi nayo inayo mengi. Vyombo vyote viwili vinatoa 440, na juu yake 880, 1320, 1760 na kuendelea. Kwa kuwa yamepangika mara mbili, mara tatu, mara nne, sikio linayameza kama noti moja. Kinachotofautiana ni nguvu ya kila moja. Uta wa fidla uliopakwa ulimbo unaunasa uzi, unauvuta, uzi unachoropoka, unanaswa tena, mara 440 kwa sekunde. Mshtuko huo unazaa milio ya juu kwa wingi, kisha sanduku la mbao linachagua ipi ivume na ipi ififie. Kwenye filimbi hakuna kunasa. Pumzi inayumba tu kwenye ukingo wa tundu, na ukipuliza taratibu, milio ya juu inakufa mapema.

Jaribu: rekodi wote wawili, fungua Audacity, chagua katikati ya noti, kisha `Plot Spectrum`. Halafu kwenye fidla weka `Low-Pass Filter`, 1000 Hz, `Roll-off` 48 dB. Ukiacha 6 dB inapunguza kidogo kidogo, hutaona kitu.

mama_kinanda: Mimi kinanda changu nikichagua fidla kinalia kama nyuki kwenye kopo. Nibadilishe spika?

fundi_spika: Mama, fungua uzi wako, hilo refu.

mpuliza_lindi: Nimefanya. Vilele vimesimama pale pale kwa wote, ila kwangu cha 1320 ni kama kichuguu na kwa dada ni mnazi. Baada ya kuchuja, fidla inasikika kama mtu anaimba kafumba mdomo. Lakini bado naijua!

fundi_spika: Kwa ule mkwaruzo wa uta noti inapoanza. Kata nusu sekunde ya mwanzo kwa zote mbili, umchezee mtu asiyejua.

korosho_mbili: Kumbe mwalimu kadanganywa na masikio.

fundi_spika: Huenda. Noti yenye milio ya juu michache, wengi huisikia kama iko chini hata ikiwa sawa. Ila kijana, tyuna uliipulizia kwa nguvu ile ile ya kwenye wimbo?

mpuliza_lindi: Hapana, nilipuliza kwa nguvu. Kwenye wimbo sehemu ile ni ya taratibu.

fundi_spika: Ukilegeza pumzi filimbi hushuka kweli. Pima tena ukipuliza hivyo hivyo kabla hujabishana na mwalimu.