Mrejesho: Ripoti ya mkadiria hasara nimeipata

Niliuliza: "Upepo uling'oa paa la stoo yangu ya dagaa Kirumba, mvua ikalowesha magunia. Hasara ni milioni 12, bima wananipa 9. Nimwandikie nini mkadiria hasara?"

Wakuu, nimerudi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, namba ya dai juu, nikaomba nakala ya ripoti, tarehe za ukaguzi na msingi wa thamani aliyotumia. Nakala nyingine niliipeleka kampuni ya bima, maana wao ndio waliomtuma na ripoti ni yao. Bila ruhusa yao angenijibu kwamba mikono yake imefungwa.

Ripoti ikaja. Hasara yenyewe aliikubali, milioni 12. Ila aliandika kwamba stoo ilikuwa na mali ya milioni 40 wakati nimekatia bima ya 30, kwa hiyo nalipwa robo tatu: 9. Roho iliniuma, kisha nikatazama tarehe. Alikagua siku 11 baada ya upepo, na siku ya 8 nilikuwa nimeshusha dagaa wapya wa milioni 10 kutoka Ukerewe. Kawahesabu na hao! Bima yangu inapima thamani ya siku ya hasara, siyo ya siku ya ukaguzi.

Nikapeleka risiti ya mzigo, tarehe imepigwa muhuri. Juzi wamesahihisha: 12 kamili, ukitoa kiasi ninachobeba mwenyewe kimkataba. Nasubiri hati ya malipo, sijasaini kitu.