Mdogo wangu kakosa kitanda hosteli ya chuo, tangazo la wadeni, yule msimamizi wa hosteli, linasema rufaa ni siku 7. Tunaanzia wapi?

Kaka wa Kwanza (Jumatatu, 10 Novemba 2025, saa 1 jioni)

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha. Ana pumu tangu utoto. Mwaka jana alikaa hosteli ya chuo, mwaka huu kakosa. Kwa sasa kajibanza geto la rafiki yake, chumba kimoja, dirisha lenyewe limeangalia jiko la mkaa la mama lishe. Tangu Ijumaa pampu haitoki mkononi.

Kanitumia picha ya tangazo la wadeni. Naweka hapa kama lilivyo:

"Vitanda vimegawiwa kwa utaratibu ufuatao: Kundi A, wenye ulemavu na wenye maradhi ya muda mrefu yaliyothibitishwa na zahanati ya chuo. Kundi B, mwaka wa kwanza. Kundi C, mwaka wa mwisho. Kundi D, waliobaki, kwa kura ya kompyuta. Aliyepangiwa alipe ndani ya siku 7, vinginevyo kitanda atapewa aliyejiandikisha kwenye orodha ya kusubiri. Mwenye malalamiko aandike rufaa kwa Mshauri wa Wanafunzi kupitia kwa wadeni ndani ya siku 7 za kazi tangu tarehe ya tangazo hili, akiambatanisha vielelezo. Umbali au ukosefu wa fedha pekee havitazingatiwa."

Limesainiwa Jumatatu tarehe 3, ila wanafunzi wanasema lilibandikwa Alhamisi tarehe 6. Jina lake lina herufi D na neno "hakuchaguliwa". Wakati wa kuomba aliambatanisha barua ya daktari wa hospitali binafsi. Nimeanza kumwandikia rufaa, ukurasa wa kwanza umejaa hali ya nyumbani. Nisaidieni.

Mzee wa Kimara

Kura ni kura, mkuu. Kompyuta haina shangazi. Akaze geto, wengine tulisoma tukitokea Mbagala.

Ndevu Chache

Usiwe na haraka. Siku zinahesabiwa tangu tangazo lilipobandikwa, maana huwezi kukatia rufaa kitu ambacho hujakiona. Alhamisi tarehe 6, ukiruka Jumamosi na Jumapili unafika Jumatatu tarehe 17. Una wiki nzima.

Binti wa Pangani

Mimi nasubiri boom mpaka leo na bodi ya mikopo wanasema pesa ya malazi imeshatoka. Hivi wao ndio wanailipia hosteli moja kwa moja au inakuwaje? Chumba nimepata ila siku za kulipa zinaisha kesho.

Karani wa Zamani

Kaka, nimekaa ofisi ya wadeni miaka sita kama karani, sio chuo hicho. Rufaa kama hizi nimezipanga kwenye mafaili mpaka vidole vikaota sugu.

Achana kwanza na ukurasa wako wa hali ya nyumbani. Tangazo limeshasema fedha pekee hazizingatiwi, na anayesoma barua anaanza na mistari mitatu ya juu. Akikuta "baba amestaafu", barua inaingia kwenye lundo ambalo mwisho wa siku linapigwa muhuri mmoja: haikukidhi vigezo. Sio roho mbaya. Kamati haiulizwi nani ana shida zaidi, inaulizwa kama huyu mtu aliwekwa kundi lake.

Na hapo ndipo penye kesi yenu. Mzee wa Kimara anasema kura ni kura, sawa, lakini mgonjwa wa pumu hakutakiwa kufika kwenye kura. Mdogo wako hakushindwa bahati, aliwekwa kundi ambalo si lake. Kwa nini? Soma tena Kundi A: "yaliyothibitishwa na zahanati ya chuo". Barua ya hospitali ya nje, hata iwe na mihuri mitatu, inatakiwa ipite zahanati ya chuo, wajaze fomu yao. Bila fomu hiyo, karani anayepanga majina haoni mgonjwa, anaona mwaka wa pili. Anaandika D.

Kwa hiyo kesho asubuhi aende zahanati na barua ya daktari, kadi ya kliniki na pampu yenyewe. Aombe fomu ijazwe na iseme wazi kwamba moshi na msongamano vinamzidishia. Neno "ana pumu" peke yake halitoshi, wenye pumu ni wengi na wengine wanacheza mpira.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Aanze hivi: "Nakata rufaa kwa kuwa niliwekwa Kundi D ilhali nina maradhi ya muda mrefu yanayoniweka Kundi A. Barua ya daktari niliiwasilisha wakati wa maombi. Uthibitisho wa zahanati ya chuo naambatanisha sasa." Akiri hapohapo kwamba fomu imechelewa, asisubiri wamgundue. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe abaki nayo. Nimeona rufaa nzuri zikipotea mezani na mwenyewe hana hata karatasi ya kuonesha kwamba alileta.

Ndevu Chache, hoja yako ina mantiki, ila tangazo limeandika "tangu tarehe ya tangazo", na tarehe iliyoandikwa ni 3. Ukianza kuhesabu Jumanne tarehe 4, siku ya saba ya kazi ni Jumatano tarehe 12. Keshokutwa! Peleka kabla ya hapo, halafu hoja ya kubandikwa iwe akiba.

Binti wa Pangani, pesa ya chakula na malazi unapewa wewe mkononi, bodi hailipi hosteli. Tafuta ya kuazima leo, toa kontrol namba, lipa. Vitanda vingi vinavyorudi vinatoka kwa watu kama wewe, wamepangiwa, boom ikachelewa.

Binti wa Pangani

Mungu wangu. Nampigia mjomba sasa hivi.

Kaka wa Kwanza

Karani, umenifungua macho. Swali: wakati tunasubiri rufaa, kuna rafiki yake ana kitanda hosteli, kasema atambeba. Walau atoke kwenye moshi.

Karani wa Zamani

Najua kubebana kupo kila hosteli, wawili kitanda cha futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kule. Lakini mwenye rufaa asikutwe. Wakipita usiku kukagua, mbebaji anaweza kunyang'anywa kitanda, na jina la mbebwa linaandikwa. Halafu jina hilohilo liko mezani linaomba huruma. Na msongamano aliolalamikia kwenye barua ndio huo huo.

Kitu kingine: ajiandikishe orodha ya kusubiri pia. Hiyo ni njia tofauti na rufaa, watu wengi wanadhani ukikata rufaa unaingia yenyewe.

Ndevu Chache

Mimi bado nasema tarehe ya kubandika ndiyo ya haki. Wadeni anasaini Jumatatu, anabandika Alhamisi, siku tatu kala yeye. Mpige picha ubao na mashahidi.

Karani wa Zamani

Haki ndiyo. Nimeona kamati ikikubali hoja hiyo, na nimeona nyingine ikiikataa. Ndiyo maana sitaki aitegemee.

Kaka wa Kwanza (Jumatano, 12 Novemba, saa 11 jioni)

Mrejesho. Jana zahanati walimwambia daktari hayupo, arudi leo. Leo kafika saa moja asubuhi, fomu imetoka saa saba mchana. Mapokezi wanafunga saa tisa na nusu, kafika saa tisa na dakika kumi. Muhuri umegongwa, nakala anayo. Wadeni kaisoma palepale, kauliza, "Hii fomu mlikuwa wapi nayo siku zote?" Kisha kamwandika orodha ya kusubiri, namba 31. Kamati inakaa wiki ijayo.

Usiku huu analala kwa shangazi, Kibaha. Kipindi cha kwanza kesho ni saa moja.