Tupeane uzoefu: umeingia mbele ya paneli ya kupandishwa cheo, wanakwambia "jieleze". Ulisema nini?

Mkunga wa Songea
Habari zenu wapendwa. Mwenzenu nina miaka 9 leba, hospitali ya misheni, na Alhamisi ijayo naitwa tena mbele ya paneli kwa nafasi ya inchaji wa wodi ya wazazi. Nasema tena kwa sababu mwaka jana niliingia nikatoka mikono mitupu, na nina uhakika nilianguka pale pale mwanzo waliponiambia karibu sista, jieleze kwa dakika tatu.

Nikaanza naitwa fulani, nimezaliwa Mbinga, nimesoma shule ya msingi wapi, sekondari wapi, chuo cha uuguzi mwaka gani, nimeolewa nina watoto wawili. Yule mama wa utumishi alikuwa na faili langu wazi mezani, kila ninachosema anafuata kwa kidole kwenye karatasi, yani nilikuwa namsomea kitu anachokisoma mwenyewe. Nilipofika kazini muda umebaki kidogo nikakimbilia kusema "nimepunguza vifo vya watoto wachanga kwenye wodi yetu". Daktari mmoja akainua kichwa akauliza, kutoka wangapi hadi wangapi sista, na unajuaje ni wewe? Sikuwa na jibu. Hadi leo nikikumbuka ule ukimya mwili unasisimka.

Nilichofanya kweli kipo, ila sijui kukisema. Waliopita huko naomba mtupe uzoefu wenu.

Baba Salha
Pole sana dada. Mimi wa benki, kutoka karani wa dirishani kwenda msimamizi wa kaunta. Siri ni moja tu, sema MIMI. Mimi nilifanya, mimi nilianzisha, usiseme tulifanya, ukisema tulifanya wanawapa sifa wenzako. Halafu kariri yote neno kwa neno, mimi nilikariri wiki nzima na nikapata.

Mwalimu wa Malindi
Huku kwetu Kenya nilihojiwa kutoka daraja la C3 kwenda C4, naibu mwalimu mkuu wa praimari. Mimi nakubali nusu ya alichosema Baba Salha. Nilikariri pia, ila mwenyekiti alinikatiza sentensi ya pili akauliza kuhusu jambo nililokuwa nimelipanga mwisho, na kwa vile nilikuwa nimekariri kama shairi sikuweza kurukia katikati, ikabidi nianze upya kichwani huku wananitazama. Mara iliyofuata nilishika mambo matatu tu kwa vidole, bila maneno. Kidole cha kwanza nilipo sasa na kwa muda gani, cha pili kazi moja niliyoifanya ikaonekana, cha tatu nitaanza na nini nikikaa kwenye kile kiti. Wakinikatiza najua niko kidole gani.

Kijana wa Tandika
Wakuu nami nina usaili Jumatatu, kampuni ya vinywaji, ndio naajiriwa kwa mara ya kwanza. Kwahiyo nisiseme nimesoma wapi??

Mwalimu wa Malindi
La, ndugu yangu, wewe sema. Wewe hawakujui. Huyu dada anahojiwa na watu wanaokutana naye koridoni kila siku, hiyo ndiyo tofauti.

Metroni Mstaafu
Mkunga mwanangu, nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, acha nikwambie tunachosikiliza. Paneli ya ndani haitafuti kujua kama wewe ni mkunga mzuri, hilo wanalijua ndio maana umeitwa. Wanatafuta dalili kwamba umeshaanza kufikiri kama inchaji. Mkunga anamwangalia mama aliyeko mbele yake. Inchaji anaangalia wodi nzima, rosta, dawa, wakunga waliochoka, na kile kinachotokea saa nane usiku yeye akiwa nyumbani. Ukitumia dakika zako zote kueleza ulivyozalisha akina mama, umeomba kubaki ulipo.

Sasa niambie, hicho ulichofanya kweli ni kipi? Kiseme hapa kama unamsimulia mwenzako kantini.

Mkunga wa Songea
Shikamoo mama. Ni mambo ya patografu, ile karatasi ya kumfuatilia mama na mtoto wakati wa uchungu. Mwaka juzi mwezi wa 3 nilichukua mafaili 30 ya akina mama waliokwisha jifungua nikayapitia moja moja, nikakuta patografu iliyojazwa sawasawa ni 11 tu. Zingine zimejazwa lakini ukiangalia vizuri unaona zimejazwa baada ya mtoto kutoka. Unajuaje, kalamu ni ile ile mwanzo mwisho, mwandiko haubadiliki hata pale zamu ilipobadilika, na mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa ni 140, 140, 140. Hakuna mtoto anayepiga hivyo masaa sita.

Nilipouliza wenzangu kwa upole wakasema patografu zinakaa mezani kwa nesi, fetoskopu ya kusikilizia moyo wa mtoto ni moja inazunguka vitanda vyote, saa ya ukutani imekufa. Kwahiyo mtu anapima, anaweka kichwani, anasema nitaandika. Nikaomba karatasi zihamie kwenye ubao miguuni mwa kitanda, tukapata fetoskopu mbili zaidi, saa ikawekwa betri, na wakati wa kukabidhiana zamu anayeingia anasaini kwenye patografu pale pale kitandani. Baada ya miezi mitatu nikachukua mafaili mengine 30, zilizokuwa sawa zikawa 24.

Metroni Mstaafu
Na hizo 6?

Mkunga wa Songea
Karibu zote za usiku mama. Usiku tupo wawili, mama watatu wakifikia kusukuma kwa pamoja hakuna wa kuandika.

Metroni Mstaafu
Basi hiyo ndiyo hotuba yako, na hizo 6 ndizo zitakazokupa cheo kuliko zile 24. Maana sasa una kitu cha kusema kuhusu kesho. Vifo usivitaje. Mafaili 30 hayawezi kukuonyesha vifo vimepungua, na daktari yeyote aliyepo mezani anajua. Wewe sema ulichokihesabu kwa mkono wako: patografu 11 zikawa 24. Akiuliza unajuaje, unamweleza kalamu na zile 140.

Na Baba Salha nisamehe, hapo kwenye MIMI naomba tutofautiane. Aliyehesabu ni yeye, aseme nilihesabu. Aliyeomba vifaa ni yeye, aseme niliomba. Lakini wanaojaza saa nane usiku ni wenzake, hapo aseme wenzangu walianza kujaza. Kwenye paneli nyingi kuna mtu anayeijua ile wodi, akisikia umebeba mzigo wa watu sita peke yako anaanza kujiuliza utaishi nao vipi ukiwa bosi wao.

Baba Salha
Nimekuelewa mama. Kwetu kaunta kila mtu ana droo yake na hesabu yake, labda ndio maana mimi ilinifaa.

Nesi Mudi
Ila patografu si imeshafutwa? WHO walisema haitumiki tena, sasa mtu akienda kujisifia kitu kilichofutwa si watamcheka.

Metroni Mstaafu
Haijafutwa hivyo unavyosema Mudi. WHO mwaka 2020 walitoa chati mpya ya kumfuatilia mama kwenye uchungu, na humo hatua ya uchungu wenyewe inahesabiwa kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, kwenye patografu tuliyoizoea tulianza kuchora kwenye 4. Vituo vingi bado vina fomu ya zamani. Lakini umemsaidia, kwa sababu swali hilo linaweza kuja kweli. Mkunga ajue fomu iliyopo wodini kwake ni ipi, na akiulizwa aseme kwamba tatizo alilolikuta, la kujaza baada ya mtoto kutoka, linaweza kuingia kwenye chati yoyote ile.

Fundi wa Tanga
Mimi sio wa hospitali, ni fundi umeme kiwandani. Nilikaimu usimamizi wa karakana miezi 8 bila posho ya kukaimu, nikasema nikiingia lazima walijue hilo. Basi nikaanza nalo kabisa, nimekaimu miezi minane na sijalipwa hata senti. Nikaona nyuso zinafunga. Dakika zote zilizobaki wakawa wananiuliza mambo ya posho, uliandika barua lini, ulimwandikia nani, wala hakuna aliyeniuliza jinsi karakana ilivyoenda ile miezi 8, na iliendaje, mashine kubwa hazikusimama hata siku moja kwa sababu yetu. Sikupata. Lakini hadi leo sijui kama nilikosea, maana haki yangu nitaisemea wapi?

Mwalimu wa Malindi
Hukukosea kudai. Naona ungetaja kukaimu kama kazi, kwamba miezi minane nimepanga zamu na kusaini vibali vya kazi, basi. Posho ina barua yake.

Fundi wa Tanga
Barua ziko tatu mwalimu. Hazijajibiwa.

Mama Wawili
Mimi niko na Fundi. Nilinyamaza miaka yote nikipanda cheo, na kila nilipopanda wakaona nimeridhika. Kuna mahali pasipokuwa na mlango mwingine wa kusemea isipokuwa huo.

Metroni Mstaafu
Hapo sina la kuwajibu lenye uhakika. Nimeona waliosema wakasikilizwa, nimeona waliosema wakawekwa pembeni, ilitegemea nani amekaa katikati ya meza.

Mkunga wa Songea
Jamani asanteni. Nimeandika usiku huu baada ya dyuti, naomba mkosoe:

"Naitwa sista fulani, nipo wodi ya wazazi mwaka wa 9 sasa, na kwa miaka miwili nimekuwa nikishika zamu inchaji anapokuwa likizo. Mwaka juzi nilipitia mafaili 30 nikakuta patografu 11 tu ndizo zilizojazwa mama akiwa kwenye uchungu, zingine zilijazwa baadaye. Niliwauliza wenzangu sababu, nikaomba fetoskopu mbili na karatasi zihamie kitandani, na wenzangu wakakubali kusainiana wakati wa kukabidhi zamu. Miezi mitatu baadaye zilizojazwa sawa zilikuwa 24 kati ya 30. Zilizobaki karibu zote ni za usiku, tukiwa wawili. Mkinipa nafasi hii nitaanza na rosta ya usiku. Nitaangalia kwenye kitabu cha MTUHA namba 12 ni saa ngapi akina mama wengi wanajifungua, kisha nimsogeze mkunga mmoja wa jioni atoke saa sita usiku badala ya saa mbili. Naamini itasaidia."

Nimemsomea mume wangu, imechukua chini ya dakika mbili.

Metroni Mstaafu
Vizuri mwanangu. Mambo mawili. Kile kitabu kipitie kabla ya Alhamisi, sio baada ya kupata cheo, maana ukisema nitaangalia watakuuliza kwanini hujaangalia. Halafu mkunga akitoka saa sita usiku anarudije nyumbani? Watakuuliza hilo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Mkunga wa Songea
Mh, hilo la usafiri sikuliwaza kabisa. Kesho niko zamu ya asubuhi, namba 12 nakaa nayo mchana, na dereva wa gari la wagonjwa namuuliza saa sita anakuwaga wapi.