Naombeni ushauri: kamera ya tatu kwa studio ya mahojiano, Arusha

KijanaMrombo
Habari zenu wakuu. Naanzisha kipindi cha mahojiano cha mtandaoni hapa Arusha. Tutahoji wakulima, waongoza watalii na wafanyabiashara wadogo. Nimepata chumba tulivu Kwa Mrombo, nina kamera mbili zenye lenzi za 18-55 na stendi zake. Mkononi imebaki milioni moja na laki mbili. Swali ni moja tu: ninunue kamera gani ya tatu, ya kuchukua mtangazaji na mgeni kwa pamoja? Mgeni wa kwanza nimeshampa tarehe na usingizi sipati.

Dada wa Sakina
Leseni ya TCRA ya maudhui ya mtandaoni unayo? Vijana mnakimbilia vifaa, karatasi mnaziacha nyuma. Anzia hapo mdogo wangu.

Mpiga Picha Rau
Mimi niko Moshi, napiga harusi. Siku moja ukumbini kamera ilijizima katikati ya viapo, kumbe toleo lile hukata rekodi likikaribia dakika 30. Bwana harusi alinisema mbele ya wazee. Kwa hiyo kamera yoyote utakayonunua, ulizia hilo kwanza.

Fundi Kipaza
Mkuu, funga pochi kwanza. Chumba kina urefu na upana gani, na juu kuna nini? Maiki sijaziona kwenye hesabu yako.

KijanaMrombo
Chumba ni kizuri mkuu, ukuta nimeshapaka rangi ya bluu. Maiki za ndani ya kamera zipo. Kochi kubwa la kona nimeshalilipia nusu, litapendeza kwenye picha. Kilichobaki ni kamera tu.

Fundi Kipaza
Uzuri sijauliza. Nipe vipimo, uniambie juu kuna nini na jirani ni nani.

KijanaMrombo
Sawa. Mita 3 kwa 3.6. Juu ni bati, dari bado. Ukuta wa pili kuna jamaa anachomelea mageti, ila si muda wote. Kodi nimelipa miezi sita, kwa hiyo suala la kuhama tusilijadili.

Baba Neema
Hapo dawa ni trei za mayai. Bandika ukuta mzima, kelele kwisha. Studio nyingi mtaani wamefanya hivyo, na mayai unakula.

Fundi Kipaza
Baba Neema, trei zinatawanya kidogo sauti nyembamba, lakini hazizuii kelele ya nje, na zinashika moto upesi. Hapa kuna matatizo mawili tofauti. Mwangwi ni sauti yenu wenyewe inayogonga saruji na kurudi. Huo unaufyonza kwa vitu vizito na laini: zulia chini, pazia zito lenye mikunjo, godoro nyuma ya kamera. Kelele ya jirani inapita ukutani na kwenye bati, na godoro halitaisimamisha. Inayosimamisha ni uzito na kuziba matundu, maana yake dari, mlango mzito na dirisha linalofunga vizuri. Mvua ikigonga bati tupu huwezi kurekodi kabisa, hata maiki iwe ya bei gani.

Sasa picha. Ukipanga viti moja kwa moja, mita moja inakaa nyuma ya wageni ili kivuli kisiangukie ukutani, na kama sentimita 60 zinaliwa na stendi na mtu wa kamera. Umebaki na mita 2. Lenzi yako ikiwa 18, kwa kamera za sensa ndogo, hapo inaona upana wa kama mita 2.5. Viti viwili na meza ndogo vinaenea. Kochi la kona halienei.

Tumia pembe ya chumba. Toka kona hadi kona una karibu mita 4.7. Weka viti viwili mbele ya kona moja, kama mita 1.5 kutoka kwenye kona yenyewe, na picha pana uichukue kutoka kona ya pili. Utapata mita 2 na nusu za kupumua. Picha hiyo simu yako inaiweza, ndiyo kamera yako ya tatu. Zile mbili zipige nyuso kwa kupishana: ya kushoto imwangalie wa kulia, ya kulia imwangalie wa kushoto. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari unaounganisha pua za wanaoongea. Ukiuvuka, ukikata picha wataonekana wote wanaangalia upande mmoja.

Hela weka kwenye maiki mbili za kubana shatini, shubiri moja chini ya kidevu, kila moja na njia yake ya kurekodi. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera zote, ndilo litakalounganisha sauti na picha.

KijanaMrombo
Lakini kochi lina hadhi mkuu. Mgeni akae kwenye kiti cha jikoni?

Fundi Kipaza
Kiti chenye mkono na mgongo ulionyooka. Kochi laini linammeza mtu, magoti yanapanda, shati linakunjamana juu ya maiki na kukwaruza. Wakikaa bega kwa bega, mgeni anageuza shingo saa nzima na unabaki na picha ya sikio.

Simba wa Meru
Jamani, hii ni chai. Mwanzoni "chumba tulivu", sasa mchomeleaji na bati. Kamera hazina modeli, picha ya chumba hakuna. Huyu anakusanya majibu aende kuuza kozi.

Mpiga Picha Rau
Hata mimi nilishtuka. Nani analipa kodi ya miezi sita bila kusikia grenda?

KijanaMrombo
Niliangalia chumba Jumapili jioni, jamaa alikuwa amefunga. Bei ilikuwa chini kuliko vyumba vyote nilivyoona, ndiyo nikawahi. Sina kozi ya kuuza. Kamera ni Canon 700D, zote mbili nilinunua zikiwa zimetumika. Picha nimeweka hapo juu, hata ndoo ya rangi inaonekana.

Dada wa Sakina
Nimeiona. Dirisha linaangalia barabara. Na leseni bado hujajibu.

Fundi Kipaza
Awe anasema kweli au la, kuna kipimo. Rekodi nusu dakika ya ukimya mchana, kisha jioni, kwa maiki ileile na kiwango kilekile. Kama unapoongea mshale wa sauti unafika -12 dB na ukimya unakaa -30, humo hakuna kazi. Ukishuka chini ya -50, endelea.

Taa: nunua balbu za LED za boksi moja, zipige kwenye shuka jeupe ili mwanga urudi laini usoni. Dirisha lifunike. Kamera weka picha 25 kwa sekunde na shata `1/50`, umeme wetu ni wa 50 Hz, mwanga hautapepesa. Rangi ya mwanga usiiache kwenye `AWB`, kila kamera itachagua yake.

KijanaMrombo
Nimepima kwa maiki ya kuazima. Mchana grenda likiwashwa ni -27. Saa mbili usiku -46. Nimeongea na jirani, anasema Jumapili hafungui kabisa, ila siku za kazi hanihakikishii. Mwenye kochi hataki kurudisha kianzio, anakubali nibadilishe na viti viwili.

Baba Neema
Chukua viti haraka kabla hajageuza kauli.

Fundi Kipaza
-46 bado haijafika. Tundika mablanketi, ziba chini ya mlango, pima tena. Isiposhuka, tafuta chumba cha kuazima kwa mgeni wa kwanza.

Simba wa Meru
Masika ikianza utarekodi lini? Kuhama ndiyo jibu, kodi au bila kodi.

KijanaMrombo
Hapana, nauliza fundi bei ya dari kwanza. Jipsamu na plaiwudi, ipi inapunguza kishindo cha mvua?